Bilauri Mbili kwa Kila Kikombe

Tangu aoe, Fundi Pindo hakuwahi kumaliza kikombe cha kahawa. Alikuwa anakunywa mpaka kinabaki kidogo chini, pale sukari inapolala, halafu anakisukuma pembeni ya cherehani na kusema bila kugeuza shingo, "Vifungo, chako hicho."

Vifungo alikuwa mkewe. Jina lake la kuzaliwa lilikwisha kusahaulika mtaani, maana kazi yake ilikuwa hiyo: mume akimaliza shati anamrushia, na yeye, ameketi mkekani na kopo lake la vifungo, anashona kimoja kimoja mpaka shati linafunga. Kikombe kikisukumwa ananyoosha mkono, anameza ule utamu wa mwisho, anarudi kwenye sindano yake. Wala hakuwa mpenzi wa kahawa. Angeulizwa angesema inamkereketa. Lakini ile ya chini ya kikombe ilikuwa yake, na siku ambayo Fundi angesahau kumwachia, angejua kuna jambo.

Maji, Fundi alikuwa hayataki. "Maji ni ya kuogea na kupigia pasi," alizoea kusema, na wateja wakacheka. Alikuwa na vikombe vyake vinne kwa siku, mara nyingine vitano: cha asubuhi kabla hajafungua mlango wa baraza, cha katikati ya asubuhi, cha baada ya kula, na kile cha jioni mwanga ukianza kumkimbia machoni. Kahawa yenyewe haikuwa kali. Vifungo aliichemsha kwenye birika, akaimimina kwenye chupa ya chai, na chupa ikakaa miguuni pa cherehani kama paka.

Kilichobadilisha mambo ni upendo, na hilo ndilo linaloumiza. Ingekuwa ubaya, mtu angejua pa kuuelekezea kidole.

Ulikuwa msimu wa joto, lile joto la kuamka nalo. Binti yao wa mwisho, msusi katika saluni ya barabara ya pili, alikuja mchana na simu mkononi. Kuna sauti ilikuwa inazunguka kwenye simu za wateja wake, sauti ya mtu anayeongea kama daktari.

"Mama, hebu sikia hii."

Yule mtu alisema kahawa inakausha mwili. Kila kikombe unachokunywa, akasema, kinatoka na maji yako mwenyewe juu yake, kwa hiyo anayekunywa kahawa anajikamua kama kitambaa. Wazee ndio wanaoumia zaidi. Dawa yake ni moja: kabla ya kila kikombe cha kahawa, kunywa bilauri mbili za maji.

Vifungo alimtazama mumewe, aliyekuwa ameinama juu ya suruali. Akaiona ile ngozi ya shingo iliyolegea. Akakumbuka anavyotoka barazani kila baada ya kikombe, magoti yanalia, anashika ukuta, anavuka uwanja kwenda choo cha nyuma. Mambo yakajipanga kichwani kwake kama vitu vilivyokuwa vinamngoja.

"Ndiyo maana," akasema polepole. "Anakunywa, anakwenda. Anakunywa, anakwenda. Kumbe yanatoka yote."

"Si unaona?" binti akasema.

"Mnanisengenya nikiwa hapa hapa," Fundi akasema, sindano iko mdomoni.

"Hatukusengenyi, Baba. Tunataka uishi."

"Mbona naishi?"

Kesho yake asubuhi chupa ya chai haikuwa miguuni pa cherehani. Palikuwa na bilauri mbili za maji, zimefunikwa kwa visahani, na Vifungo amesimama kando yake mikono kiunoni.

"Hizi kwanza. Halafu ndiyo kahawa."

Fundi alizitazama zile bilauri kama mteja aliyeletewa kitambaa cha rangi asiyoiagiza. "Mke wangu, unajua kutoka hapa mpaka choo cha nyuma ni wapi?"

"Najua."

"Na magoti yangu unayajua?"

"Nayajua tangu hayajaanza kulia."

"Sasa piga hesabu. Bilauri mbili, na kikombe juu yake. Hiyo si kazi ya kushona, hiyo ni kazi ya kutembea."

"Ni kwa ajili yako."

Alisema kwa sauti ya chini, na kwa sauti hiyo Fundi hakuwahi kumshinda. Alikunywa nusu ya bilauri moja, akakunja uso, akairudisha. Kahawa hakuipata. Siku hiyo hakuna aliyeambiwa "chako hicho," na Vifungo akajiambia hiyo ni sadaka yake, atavumilia.

Fundi Pindo alikuwa mtu wa tabasamu, lakini akisema hapana ameshasema. Hakugombana. Aliziacha tu bilauri zikae, naye mkewe akaiacha chupa kabatini, kila mmoja akingoja mwenzake achoke. Wakati wa chakula alimeza mafunda mawili matatu ya maji, basi. Siku za mwanzo kichwa kilimuuma sana, akafunga kitambaa kwenye paji la uso.

"Ni ile kahawa inatoka," binti akaeleza. "Ikishatoka atakuwa mwepesi."

Kweli kichwa kikaacha. Na Vifungo akaona jambo jingine, akalifurahia moyoni kama mtu aliyeotesha kitu kikachipua: Fundi alikuwa haendi tena choo cha nyuma. Aliweza kukaa kutoka asubuhi mpaka mchana bila kuinuka.

"Unaona?" akamwambia. "Mwili umetulia. Maji sasa yanakaa ndani."

 Fundi alikuwa anasinzia juu ya cherehani.

Dereva wa lori, mteja wao wa zamani, alirudisha suruali yake akiwa amekasirika nusu na anacheka nusu. Mguu mmoja ulikuwa umeshonwa ukafungwa kabisa kwa chini.

"Fundi, hii umenishonea suruali au mfuko wa kubebea mahindi?"

Fundi aliishika ile suruali, akaigeuza, akaigeuza tena. "Nani ameshona hii?" akauliza.

"Si wewe?"

Wote wakacheka, na Vifungo alicheka zaidi yao. Baadaye kicheko hicho ndicho kilichomrudia kila alipofumba macho.

Siku chache tu zikapita. Fundi aliinuka kitini, akasema dunia inazunguka, akaanguka kati ya cherehani na ukuta. Walipomwinua midomo yake ilikuwa imepasuka, ulimi mkavu kama kitambaa cha kufutia chaki. Akamtazama Vifungo kwa adabu kubwa, akamuuliza kama mama yake amekwisha kurudi kutoka shambani. Mama yake alikuwa amezikwa kabla binti yao hajazaliwa.

Walimpeleka hospitali kwenye gari la jirani.

Daktari aliyewapokea alikuwa msichana mwenye miwani, mpole, mwenye haraka ya mtu aliyekuwa amesimama tangu asubuhi. Alitazama ulimi, akapima presha Fundi akiwa amelala, akapima tena wakiwa wamemwinua kidogo. Akaagiza damu ichukuliwe, na mkojo. Mkojo uliopatikana ulikuwa kidogo sana, mweusi kama chai iliyosahauliwa jikoni.

"Anakojoa mara ngapi kwa siku?" akauliza.

"Siku hizi haendi sana," Vifungo akajibu, na ndani ya sauti yake bado palikuwa na ule ufahari mdogo. "Alikuwa anakwenda mno. Tumemrekebisha."

"Mmemrekebisha vipi, mama?"

"Tumemkatisha kahawa. Ilikuwa inamkausha."

Kalamu ya daktari ikasimama. "Alikuwa anakunywa kiasi gani?"

"Vikombe vinne. Vitano siku nyingine. Tangu ujana wake."

"Na sasa badala ya hivyo vinne, vitano, anakunywa nini?"

Vifungo akafungua mdomo. Aliona zile bilauri zilizofunikwa visahani, zinavyokaa asubuhi, zinavyokaa mchana, anavyozichukua jioni na kumwagia maji yake kwenye ndoo ya kufulia. Kila siku alikuwa ameyamwaga kwa mkono wake mwenyewe. Na hakuwahi kuyahesabu.

"Namwekea maji," akasema.

"Anayanywa?"

Binti, aliyekuwa nyuma yake, akaweka mkono begani kwa mama yake. 

Daktari hakuwafokea. Labda angewafokea ingekuwa nafuu. Alivuta kiti akaketi mbele ya Vifungo, magoti kwa magoti.

"Mama, kahawa ni maji. Kikombe kizima ni maji, na humo ndani kuna kahawa kidogo sana. Sisi hapa wodini tukihesabu mgonjwa amekunywa kiasi gani, tunahesabu maji, chai, maziwa, uji, supu, na kahawa tunaihesabu pia."

"Lakini inakojoza. Nilimwona kwa macho yangu."

"Ulimwona anakunywa kikombe, halafu anakwenda. Angekunywa kikombe cha maji asingekwenda?"

"Angekwenda," Vifungo akasema.

"Kahawa inasukuma mkojo kidogo, hilo ni kweli," daktari akaendelea. "Mtu asiyeizoea anaweza kuona tofauti. Au mtu akinywa nyingi, kali, kwa mpigo mmoja. Lakini mwili ulioizoea hausumbuki nayo. Vikombe vinne kwa siku, kwa mtu aliyevinywa miaka yote hiyo, havimkaushi. Kinachotoka hakizidi kilichoingia."

"Na kichwa kilichomuuma?"

"Kichwa huuma mtu akiiacha ghafla. Baada ya siku chache kinapoa. Si sumu inayotoka."

"Na kule kutokwenda chooni?" Aliuliza kwa sauti ndogo sana, maana jibu alikwisha kulijua.

"Figo zilikuwa zinabana kile kidogo kilichobaki." Daktari akavua miwani. "Na wazee, mama, kiu inawakimbia. Mwili unakauka na mtu hasikii kiu. Kinachomsaidia mzee ni mazoea. Mzee wako mazoea yake yalikuwa hiyo kahawa. Ndiyo yalikuwa maji yake."

Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu mwema, akaongeza kwamba mambo haya hayana sababu moja. Kulikuwa na joto, kulikuwa na umri, na mkojo ulionyesha maambukizi. Aliyasema yote hayo na yote yalikuwa kweli. Vifungo alisikia moja tu.

Dripu ikatundikwa. Ukaingizwa mpira wa mkojo, na mfuko wake ukaning'inia ubavuni mwa kitanda. Vifungo, ambaye hakuwahi kuwaza kama atakuja kuupenda mfuko wa mkojo, alikaa akiutazama jinsi mtu anavyotazama chungu kisichochemka. Kwanza matone meusi. Baadaye, siku zikienda, rangi ikafunguka kidogo kidogo, mpaka ikawa kama majani makavu. Muuguzi wa zamu, mwanamume mnene mwenye sauti laini, alikuwa akiupima na kutikisa kichwa kwa kuridhika.

"Figo za mzee zimeamka, shangazi," akamwambia. "Zimekubali."

"Na kichwa?"

"Kichwa tunakipa muda."

Binti alikuja kila alipofunga saluni, nywele za wateja zimemganda kwenye gauni. Alikuwa ameifuta ile sauti kwenye simu yake, kana kwamba ukiifuta simuni inafutika na duniani. Jioni moja, jua bado liko madirishani, aliketi kwenye ngazi za wodi akalia akiwa amejifunika uso kwa kanga ya mama yake.

"Mimi ndiye niliyeileta, Mama."

"Uliileta kwa kuwa unampenda."

"Nilikuwa sijui."

"Hata mimi sikujua." Vifungo akamfuta uso kama alivyokuwa akimfuta alipokuwa mtoto, kwa nguvu kidogo. "Lakini mimi nilikuwa nyumbani naye kutwa nzima, mwanangu. Wewe ulisikia maneno. Mimi nilimwona mtu, nikayaamini maneno. Usininyang'anye kosa langu ukalifanya lako. Futa kamasi twende."

Dawa zilipofanya kazi na daktari kuona damu inakwenda vizuri, akasema mzee anaweza kunywa apendacho, na kwamba wamsogezee kila mara, kidogo kidogo, bila vita.

"Hata ile?" Vifungo akauliza.

"Hasa ile," daktari akasema, "maana ndiyo atakayoinywa."

Alikwenda nyumbani kuichemsha mwenyewe. Akalifungua kabati, akaitoa chupa ya chai, akaisuuza mara mbili ingawa haikuwa chafu. Akarudi wodini na kikombe chake Fundi kile kile, cha bati, chenye kovu jeusi pembeni. Muuguzi akamwinua Fundi, akamwegemeza kwa mito, akamjaribu kwanza kwa kijiko aone kama anameza sawasawa. Akameza. Akalamba mdomo. Akafumbua macho kabisa, kwa mara ya kwanza tangu alipoanguka.

"Sukari imepungua," akasema.

Muuguzi akacheka mpaka kitanda kikatikisika. Binti akashika mdomo kwa mikono miwili. Vifungo akaongeza sukari, akakoroga, akamnywesha, na alimnywesha akiomba kimoyomoyo neno moja tu, maneno mawili tu, yale ambayo mumewe alikuwa akiyasema bila kugeuza shingo. Akanywa mpaka kilipobaki kidogo chini. Hapo akakisukuma.

Vifungo akangoja.

"Asante sana, dada," Fundi Pindo akasema. "Mna huduma nzuri."

Walirudi naye nyumbani. Daktari alikuwa amewaeleza, tena polepole, kwamba mzee akichanganyikiwa kwa namna ile akili hurudi kwa wengi, kwa wengine hurudi nusu, na kwa wengine ule ugonjwa hufunua kitu kilichokuwa kimeanza kimya kimya zamani. Mpeni muda, akasema. Wakampa muda. Mwili ulirudi mzuri. Mashavu yakajaa, mkono ukapata nguvu. Wakimkalisha kwenye cherehani miguu yake inakanyaga yenyewe, na mshono unakwenda umenyooka kama zamani, ikiwa kuna mtu amemwandalia kitambaa na kumwonyesha pa kuanzia. Wateja wakifika anawasalimu vizuri. Dereva wa lori akamletea suruali apinde, ikapindwa sawasawa miguu yote miwili, wala dereva hakutania.

Chupa ya chai ilirudi miguuni pa cherehani. Bilauri zile mbili Vifungo alimpa jirani, akamwambia zimezidi nyumbani. Asubuhi, katikati ya asubuhi, baada ya kula, jioni: anamimina, Fundi anakunywa. Anamsogezea na uji, na kipande cha tikiti, vyote vina maji ndani yake, sasa anajua. Choo cha nyuma wanakwenda pamoja, mkono kwa mkono, magoti yanalia, na yeye hasemi neno juu ya safari hizo. Angempeleka mara mia.

Mchana mmoja alikuwa mkekani na kopo lake. Fundi alimaliza kikombe kama anavyomaliza siku zote, yaani hakukimaliza. Akakisukuma pembeni. Sindano ya Vifungo ikasimama hewani.

"Dada," Fundi akasema. Akageuza shingo, jambo ambalo zamani hakulifanya. "Hicho usikimwage."

"Sitakimwaga."

"Ni cha mke wangu. Yeye hanywi kahawa, anasema inamkereketa. Lakini hiyo ya chini anaipenda. Sharti nimwachie."

Vifungo alitazama vifungo mapajani mwake, vyeupe, vidogo, vya shati la mtoto wa shule. "Anaitwa nani mkeo?"

"Vifungo." Akatabasamu, lile tabasamu lake lenyewe, halikupungua hata uzi. "Usimwambie nimemtaja. Atajiona."

"Amekwenda wapi?"

Fundi akafikiri. Akatazama mlango wa baraza, akatazama uwanja. Uso wake ukaingia wasiwasi, kama mtu aliyetia mkono mfukoni na asikute kitu. "Ametoka kidogo," akasema. "Amekawia."

Vifungo akaliweka shati chini. Akainuka polepole, kwa kuwa hata yeye magoti yalikuwa yameanza kulia. Akatoka kwa mlango wa jikoni, akazunguka nyumba kwa nje, akajifunga kanga vizuri, akapangusa uso kwa ncha yake. Akaingia kwa mlango wa mbele, mlango ambao mtu anayetoka sokoni angeingilia.

"Nimerudi, Pindo," akasema.

Fundi akainua kichwa. Akamtazama kwa furaha, kisha akatazama nyuma ya bega lake, mlangoni, aone amekuja na nani. Akangoja kidogo. Hakuna mwingine aliyeingia.

"Karibu, dada," akasema. "Ukimwona njiani mwambie kahawa yake inapoa."

"Nitamwambia."

Alikichukua kikombe akaingia nacho jikoni. Alisimama karibu na jiko, akainywa ile ya chini, sukari yote, mpaka punje ya mwisho, na ilimkereketa kama siku zote. Halafu akakisuuza kikombe, akatia maji kwenye birika, akawasha moto. Kile cha jioni kilikuwa kinakaribia.